Barua ya Fomeni Iweze Kukaguliwa

Mkandarasi akitangaza nafasi ya fomeni wa saiti, barua nyingi anazopokea hufanana. Mwombaji ana uzoefu wa miaka mingi, anajituma, na saiti zake hazijawahi kupata ajali. Dai hilo la mwisho ndilo humfanya msomaji mzoefu asite. Pale ambapo nondo zimechomoza, mbao zina misumari na watu wanapanda jukwaa kila siku, kutokuwepo kwa ajali hata ndogo kwa miaka yote huzua shaka kwamba daftari la ajali halikuwa likiandikwa.

Barua nzuri huchagua mradi mmoja na kuueleza kwa namna ambayo mtu anaweza kupiga simu akauthibitisha. Tuchukue mfano wa kubuni: fomeni aliyesimamia ujenzi wa bweni la ghorofa moja mjini Dodoma, kwa wiki 40, akiwa na wastani wa watu 40 kwa siku. Kila mmoja akifanya kazi saa 45 kwa wiki, ambacho ndicho kikomo cha saa za kawaida katika sheria ya ajira ya Tanzania, jumla ni saa za kazi 72,000. Hapo ndipo neno kuhusu usalama linapata uzito. Badala ya "hakukuwa na ajali", anaandika hivi:

"Katika saa 72,000 za kazi tulipata ajali moja iliyomweka mtu nje ya kazi. Saidia fundi alianguka kutoka jukwaani, kimo cha mita 2, akaumia kifundo cha mguu na kupumzika siku 9. Ubao wa kukanyagia haukuwa umefungwa. Ajali iliandikwa daftarini na mwajiri akatoa taarifa OSHA. Tangu siku hiyo nilikagua jukwaa kila Jumatatu na kila baada ya mvua, na hakuna aliyepanda kabla sijasaini."

Aya hiyo ina ajali, lakini inamwonyesha mtu anayejua chanzo na aliyebadili utaratibu. Kampuni kubwa hupenda kuhesabu ajali kwa kila saa milioni moja za kazi. Kwa hesabu hiyo mradi huu unapata karibu 14. Mimi singemshauri fomeni wa saiti ndogo aiweke barua yake katika kipimo hicho. Ajali moja tu zaidi ingeifikisha 28, na ajali moja pungufu ingeishusha hadi sifuri, ilhali usimamizi ni uleule. Saa na ajali zenyewe zinatosha.

Kuhusu usimamizi wa watu, "niliongoza watu 40" ni maneno machache mno. Msomaji anataka kujua ni akina nani: mafundi waashi wangapi, wafunga nondo wangapi, mafundi wa mbao, saidia fundi na vibarua wa siku, na nani aliwaongoza fomeni alipokuwa upande wa pili wa saiti. Siku moja ngumu hueleza zaidi ya orodha. Fomeni wetu anaitaja siku ya kumwaga zege la slabu, mita za ujazo 45. Zege likisimama katikati hadi la kwanza lishike, la baadaye haliungani nalo vizuri na mshono dhaifu hubaki. Basi anasema alipanga zamu mbili, akaweka mashine ya akiba ya kuchanganyia, na kazi ikaanza saa 1 asubuhi ikaisha saa 11 jioni bila kukatika.

Kukamilisha mradi nako kunahitaji tarehe mbili, ya mkataba na ya kukabidhi. Mkataba ulikuwa wa wiki 36. Kazi ilichukua 40. Anayeficha pengo hilo atakamatwa kwa simu moja kwa mshitiri. Fomeni wetu analigawa: wiki 3 mhandisi mshauri aliidhinisha kwa sababu ngazi ilibadilishwa katikati ya kazi, na wiki 1 ilipotea kwa nondo kuchelewa kuagizwa, jambo lililokuwa mikononi mwa saiti. Kisha anataja kasoro zilizoorodheshwa siku ya makabidhiano na lini zilimalizwa ndani ya kipindi cha matazamio. Wengi huiacha sehemu hii, nami naiona yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu jengo huanza kusema ukweli baada ya mvua ya kwanza.

Mhandisi wa saiti ana jambo la ziada la kuandika: namba yake ya usajili katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mpaka kati ya alichosanifu, alichokagua na alichosimamia tu. Akisema "nilijenga" kwa vyote vitatu, atakayemhoji ataanzia hapo. Barua yote ienee ukurasa mmoja, na majina ya wadhamini yawe ya waliokuwepo saitini, mmoja akiwa wa upande wa mshitiri au mhandisi mshauri, baada ya kuombwa ruhusa.