Milioni ya Miaka Mitatu Ijayo

Swali la mtihani linasema: utalipwa shilingi 1,000,000 baada ya miaka 3, kiwango cha punguzo ni asilimia 10 kwa mwaka. Thamani yake ya sasa ni ngapi?

Wengi hukata asilimia 10 mara tatu na kupata 729,000. Jibu hilo linavutia, lakini si sahihi. Ukiwekeza 729,000 leo kwa asilimia 10, baada ya miaka mitatu utakuwa na 970,299 tu. Milioni haikutimia.

Kosa ni kwamba riba huhesabiwa juu ya fedha ya leo, si juu ya ile ya mwisho. Kwa hiyo tunagawanya kwa 1.10, mara moja kwa kila mwaka. Milioni inakuwa 909,091, kisha 826,446, na hatimaye 751,315. Kwa kifupi:

1,000,000 ÷ 1.10³ = 751,315

Soma pia tarehe ya malipo kwa makini. Fedha ikilipwa mwanzoni mwa mwaka wa tatu, imesubiriwa miaka miwili tu, na jibu ni 826,446. Hapo ndipo hata waliokariri kanuni vizuri hupoteza alama.