Swali la bomba la sindano

Baada ya somo la msawazo wa kikemia, mwalimu anaonyesha bomba la sindano lililozibwa mdomo. Ndani mna gesi mbili: NO₂ ya kahawia na N₂O₄ isiyo na rangi. Molekuli mbili za NO₂ huungana kuwa moja ya N₂O₄, nayo huvunjika tena, bila kukoma. Nikisukuma pistoni ghafla, anauliza, rangi itakuwaje?

Wengi hujibu haraka: itafifia, kwa kuwa msawazo huelekea penye molekuli chache. Jibu hilo ni nusu tu. Ukitazama kwa ubavuni, kwanza rangi hukolea, maana NO₂ ileile imebanwa mahali padogo. Ndipo hufifia kidogo, molekuli zikiungana, ila hairudi kuwa hafifu kama mwanzo. Msawazo hupunguza badiliko, haulifuti. Aliyekariri kanuni ya Le Chatelier bila kuielewa hunaswa hapo.

Swali la pili ni la joto: bomba likitumbukizwa katika maji moto, pistoni ikiwa imeshikiliwa? Kahawia hukolea, kwani kuvunjika kwa N₂O₄ hufyonza joto. Safari hii hata kiwango thabiti cha msawazo hubadilika, jambo ambalo pistoni haikulifanya.