Mikanda Angani: Dawa ya Picha ya Machweo Iliyohaririwa Mno

Picha za machweo zina ugonjwa wao. Anga lililokuwa likibadilika polepole, kutoka samawati ya juu hadi rangi ya chungwa karibu na maji, likishahaririwa kwa nguvu hugawanyika mikanda mikanda. Kila mkanda una rangi moja na ukingo unaoonekana wazi, kana kwamba mteremko laini umechongwa ngazi. Wapiga picha wengi wakiuona ugonjwa huu hulaumu kamera au simu. Mara nyingi kosa liko kwenye uhariri, na dawa yake inashangaza kidogo: ni kuipaka picha chengachenga nyembamba sana kabla ya kutoa faili la mwisho.

Tuanze na chanzo. Faili la JPEG huhifadhi kila rangi ya msingi, yaani nyekundu, kijani na buluu, kwa biti 8. Maana yake kila rangi ina viwango 256 tu, kuanzia 0 hadi 255. Rangi tatu zikichanganywa hutoa michanganyiko zaidi ya milioni 16, idadi inayotosha kabisa kwa picha ya soko au ya harusi iliyojaa nguo na nyuso. Anga ni jambo jingine. Anga tulivu halitumii viwango vyote 256. Hutumia vichache vilivyokaa karibu karibu, na kuvitandaza kwenye eneo kubwa.

Chukua picha iliyopigwa kwa simu pale Forodhani, Zanzibar, jua likiwa limeshazama. Tuseme anga limechukua pikseli 2,400 kwenda juu, na rangi ya buluu inashuka kutoka kiwango cha 150 hadi 130. Hizo ni hatua 20 kwa pikseli 2,400, kwa hiyo kila hatua ina upana wa pikseli 120. Hatua moja kati ya 255 ni ndogo, na jicho kwa kawaida huipita bila kuiona. Sasa mhariri anataka anga lenye kishindo, anaongeza utofauti wa mwanga mpaka ile tofauti ya viwango 20 inakuwa 60. Programu haina viwango vipya vya kujaza katikati. Hatua zinabaki 20, kila moja na upana uleule wa pikseli 120, ila sasa kila hatua inaruka viwango vitatu kwa mara moja. Huo ndio mkanda.

Jicho nalo huongeza chumvi. Katika miaka ya 1860 mwanafizikia Ernst Mach alieleza kwamba pale eneo la mwanga mmoja linapopakana na eneo la mwanga mwingine, jicho huufanya ukingo uonekane mkali kuliko ulivyo. Ndiyo maana mruko wa viwango vitatu, ambao ungejificha ndani ya jani la mnazi, hupiga kelele kwenye anga tupu.

Kamera inayopiga RAW huhifadhi kwa kawaida biti 12 au 14, yaani viwango 4,096 au 16,384. Faili hilo likihaririwa katika biti 16, uhariri uleule wa Forodhani hutoa hatua 60 za kiwango kimojakimoja badala ya hatua 20 za viwango vitatu. Hapo nusu ya kazi imekwisha. Lakini hata faili la RAW linaweza kupata mikanda, na sababu kubwa ni kusafisha picha kupita kiasi. Kihisi cha kamera huzalisha chengachenga zake chenyewe, na hizo ndizo zilizokuwa zikizivunja kingo za hatua bila mtu kujua. Mhariri akivuta kitufe cha kuondoa chengachenga hadi mwisho, anga linakuwa laini kama kioo kwenye biti 16, kisha linakatika vipande mara tu linapobanwa kuingia biti 8.

Ili kuona kwa nini chengachenga husaidia, fikiria sehemu ya anga ambayo thamani yake halisi ni 180.3. JPEG haijui sehemu ya kumi. Inakubali 180 au 181 tu. Bila chengachenga, kila pikseli ya hapo inaandikwa 180, na zinaendelea hivyo mpaka thamani halisi inapofika 180.5, ambapo zote kwa pamoja zinaruka hadi 181. Ukiongeza mtikisiko mdogo wa nasibu kabla ya kukadiria, pikseli takriban tatu kati ya kumi zitaangukia 181 na saba zitabaki 180. Jicho likitazama kwa mbali huzichanganya na kuona 180.3. Kadiri anga linavyobadilika, uwiano huo nao unabadilika, na ukingo hauna mahali pa kusimama. Lawrence Roberts, mhandisi ambaye baadaye aliongoza ujenzi wa mtandao wa ARPANET, alichapisha mbinu hii kwa picha za dijitali mwaka 1962, alipotaka kuzituma kwa biti chache zaidi.

Angalia kwamba mpangilio ndio kila kitu. Mtikisiko ukiingia kabla ya viwango kupunguzwa kuwa 256, sehemu za kumi zinahifadhika kupitia wingi wa pikseli. Ukiingia baada ya hapo, zimeshapotea. Chengachenga zitaficha ukingo tu, na utalazimika kutia nyingi zaidi.

Kabla ya kutibu, hakikisha mgonjwa ni picha na si skrini. Baadhi ya skrini za kompyuta za bei nafuu zina biti 6 tu kwa kila rangi na huigiza zilizobaki. Photoshop nayo inaweza kuonyesha mikanda ya uongo ukitazama picha yenye leya nyingi kwa ukubwa mdogo. Tazama kwa asilimia 100, kisha pitisha kielekezi juu ya mkanda huku ukisoma namba kwenye paneli ya `Info`. Thamani zikikaa zilezile kwa makumi ya pikseli kisha zikaruka mbili au tatu, mikanda imo ndani ya faili. Histogramu pia hutoa ushahidi: ikiwa na mapengo kama meno ya kitana, viwango vimevutwa mbali.

Sasa matibabu. Kwenye Photoshop, fungua picha ikiwa `16 Bits/Channel` na umalize uhariri wote: rangi, utofauti, usafi. Tengeneza nakala kwa `Image > Duplicate`, kisha ziunganishe leya zake kwa `Layer > Flatten Image`. Punguza nakala hiyo hadi ukubwa wa mwisho, tuseme pikseli 2,000 kwa upana, na uiongezee ukali kama inahitaji. Baada ya hapo ndipo unapochagua anga, unalinakili kwenye leya yake, na kufungua `Filter > Noise > Add Noise`. Weka `Amount` kuwa 1, chagua `Gaussian`, na weka alama kwenye `Monochromatic`. Mwisho badilisha kuwa `8 Bits/Channel` na uhifadhi JPEG.

Kwenye GIMP, ambayo ni ya bure, njia ni ileile. Biti hubadilishwa kwenye `Image > Precision`, na chengachenga ziko `Filters > Noise > RGB Noise`. Hapo ondoa alama kwenye `Independent RGB` ili rangi zote tatu zitikisike pamoja. Sababu ya kutaka chengachenga zisizo na rangi ni kwamba JPEG mara nyingi hupunguza undani wa rangi kwa nusu kila upande huku ikiuhifadhi undani wa mwanga. Chengachenga za rangi zikipita hapo hugeuka mabaka ya zambarau na kijani.

Kiasi gani kinatosha? Kwa picha iliyohaririwa katika biti 16, ambayo miruko yake ni ya kiwango kimoja, 1 mara nyingi inatosha na 2 inatosha karibu daima. Usiamini macho peke yake. Weka juu ya picha leya ya muda ya `Curves` yenye mwinuko mkali, inayokuza tofauti za anga mara kadhaa. Mikanda ikiendelea kuonekana chini ya kipimo hicho, ongeza nusu. Ikipotea, ondoa leya hiyo na utoe faili. Chengachenga zikionekana kwa jicho kwenye asilimia 100, umezidisha.

Kazi nzuri hii huharibiwa na mambo mawili. La kwanza ni kubadilisha ukubwa baada ya kutia chengachenga. Ukipunguza picha kwa nusu, kila pikseli mpya ni wastani wa nne za zamani, na nguvu ya chengachenga inashuka takriban kwa nusu, ukingo unarudi. La pili ni kubana kupita kiasi. JPEG hugawa picha katika vigae vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa kwanza vitu vidogo na vyembamba, yaani chengachenga zako hasa. Kwenye Photoshop usishuke chini ya ubora wa 10 kati ya 12. Kwenye GIMP kaa 90 au zaidi. Faili litakuwa zito kidogo, kwa sababu mtikisiko wa nasibu haubaniki kirahisi. Ukimtumia mteja kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu itaibana upya. Itume kama `Document` ili ifike ilivyo.

Kuna wakati huna RAW, una ile JPEG ya simu tu yenye miruko ya viwango vitatu. Kuibadilisha kuwa biti 16 hakurudishi kilichopotea, ila kunatoa nafasi ya kukijenga upya. Badilisha kwanza, kisha tia `Gaussian Blur` kwenye anga peke yake, ukianza na pikseli 60, nusu ya upana wa mkanda. Thamani za katikati zitazaliwa kati ya hatua, na hapo chengachenga zitakuwa na kitu cha kuhifadhi. Kaa mbali na kingo za majahazi na minazi, la sivyo giza lao litasambaa angani. Ikiwa anga lina mawingu, ukungu huu utayafuta, na huenda ni heri kupunguza uhariri wenyewe.

Faili kuu la biti 16 lihifadhi bila chengachenga. Picha ya skrini yenye pikseli 2,000 na chapa ya ukutani hazihitaji kiasi kimoja, na nakala iliyotiwa chengachenga kwa ajili ya moja itakosea ikipimwa upya kwa ajili ya nyingine. Kila safari ya faili kwenda nje ipate dozi yake, mwishoni, kwa ukubwa wake.