Mashine ya Kunyolea Inaponyonyoa Badala ya Kunyoa

Ndugu msikilizaji, kunyoa ni kukata nywele, na kunyonyoa ni kuzing'oa, kama anavyonyonyolewa kuku. Mteja anayeketi kwenye kiti cha kinyozi amelipia kunyolewa. Lakini mara nyingi utamwona akikunja uso, akiinamisha shingo na kuuma meno, kwa sababu mashine inamng'oa nywele kisogoni. Kinyozi naye huikandamiza zaidi ili imalize kazi, na hapo ngozi huchubuka. Jioni mteja anawashwa, na ile mashine iliyomchubua imekwisha pita kwenye vichwa vya watu wengine. Katika mazungumzo yetu ya wiki hii tutaeleza kwa nini mashine ya umeme huvuta nywele, na jinsi ya kuichunguza kabla ya kutoa fedha za kununua nyingine.

Kwanza yafaa tufahamu inavyokata. Kichwani mwa mashine mna visu viwili vyenye meno kama chanuo. Kimoja, kile kinachogusa ngozi, kimefungwa kwa skrubu mbili na hakichezi. Cha pili ni kidogo, kimelala juu ya kile cha kwanza, nacho hukimbia kushoto na kulia. Unywele huingia katikati ya meno na kukatwa kama unavyokatwa uzi kwa mkasi. Sasa kumbuka mkasi wa fundi cherehani uliolegea msumari wa katikati. Makali yake yanaweza kuwa mazuri kabisa, lakini kwa kuwa pande mbili hazibanani, kitambaa hujikunja katikati na mkasi hukitafuna. Ndivyo ilivyo kwa mashine. Unywele ukijikunja kati ya visu viwili hubanwa bila kukatwa, na mkono wa kinyozi unaposogea, unywele hufuata. Kwa hiyo, mashine inayovuta si lazima iwe imeisha makali.

Tuchukue mfano wa kinyozi wa Magomeni, Dar es Salaam, ambaye mashine yake hukata vizuri asubuhi, lakini ifikapo kichwa cha tano huanza kuvuta, hasa upande wa kushoto. Ndugu huyu ni msafi. Kila amalizapo mteja huvisafisha visu kwa spiriti, na hilo ni jambo jema kwa afya za watu. Lakini spiriti husomba mafuta pamoja na uchafu. Visu vikavu husuguana, hupata moto na hukimbia kwa shida. Huo ndio mwanzo wa matatizo yake.

Dawa yake ni hii. Achomoe plagi na kupangusa kwa brashi ndogo nywele zilizoshindiliwa kati ya visu, kwani hizo huvitenganisha visu hata kwa upana wa karatasi. Baada ya spiriti kukauka kabisa, awashe mashine huku meno yameelekea chini, adondoshe matone matatu ya mafuta mepesi kwenye mstari wa meno, na tone moja kila pembe ya nyuma, mahali kisu kidogo kinaposugua. Aiache ikimbie kwa nusu dakika, kisha aizime na kupangusa mafuta yaliyozidi. Mafuta ya cherehani yanafaa. Mafuta ya nazi na ya kupikia hayafai, maana huganda na kushika nywele kama ulimbo.

Mashine ya kinyozi wetu sasa inakimbia kwa wepesi, lakini upande wa kushoto bado inavuta. Hapa tatizo ni mpangilio wa visu. Aizime tena, achomoe plagi, na kuvitazama visu kwenye mwanga. Ncha za kisu kinachocheza zinapaswa kuwa nyuma kidogo ya ncha za kile kisichocheza, kiasi cha milimita 1 hivi, na mistari yote miwili iwe sambamba kutoka pembe hadi pembe. Katika mashine hii kisu kimekaa upande, kushoto kimerudi nyuma mno. Alegeze zile skrubu mbili bila kuzitoa, akisogeze kisu kwa kidole mpaka mistari ilingane, kisha akaze skrubu kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, maana ukikaza moja mpaka mwisho kisu huzunguka nayo.

Wapo vinyozi wanaosogeza kisu kinachocheza mpaka kilingane kabisa na kile cha chini, ili kichonge mstari mkali kwenye paji la uso. Mstari hupatikana kweli, lakini meno yanayokimbia sasa yanagusa ngozi moja kwa moja, na damu huwa karibu. Kikipita mbele ya kile cha chini, mashine hiyo isiguse kichwa cha mtu.

Baada ya hapo tunageukia nguvu inayoendesha kisu. Mashine nyingi za waya hazina mota inayozunguka. Ndani mna koili, sumaku na mkono unaotikisika. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko huuvuta mkono mara mbili, yaani mara 100 kwa sekunde. Umeme unapopungua jioni, mvuto hupungua, mkono hutikisika kwa hatua fupi, na nywele nzito husimamisha kisu nusu ya njia. Utaitambua hali hiyo kwa sauti, kwani mngurumo huwa mwembamba na huzama mashine inapoingia kwenye nywele.

Ubavuni mwa mashine nyingi za aina hii ipo skrubu ya kurekebisha nguvu. Washa mashine, zungusha skrubu hiyo taratibu mpaka isikike kelele ya kugonga, kisha irudishe kidogo kidogo mpaka kelele ikome. Hapo ndipo penye nguvu yake. Umeme ukibadilika sana, zoezi hilo hurudiwa. Lakini mashine iliyoletwa kutoka Marekani ni ya volti 120 na mizunguko 60. Transfoma itaikinga isiungue, ila haibadilishi mizunguko, na mkono uliotengenezwa kwa mvuto wa mara 120 kwa sekunde unaweza kulegea au kugonga hata baada ya kurekebishwa.

Kwa mashine ya betri, izime na usukume kisu kinachocheza kwa ncha ya kidole. Kikitembea kwanza peke yake ndipo kiguse kishikizo chake, basi kile kipande cha plastiki kinachokiendesha kimelika. Mota italia vizuri, lakini kisu hakitafika mwisho wa safari yake. Kipande hicho hubadilishwa, wala hakinolewi.

Ikiwa umesafisha, umetia mafuta, umepanga visu, na nguvu ipo, lakini bado nywele zinavutwa, hapo ndipo makali yashukiwe. Angalia kama kuna jino lililovunjika, au kama springi inayokandamiza kisu kidogo imelegea. Visu vikihitaji kunolewa, vyote viwili hupelekwa pamoja kwa fundi mwenye sahani bapa ya kunolea. Jiwe la kunolea visu vya jikoni huvitia mabonde, na visu vyenye mabonde haviwezi kukutana tena.

Na wewe mteja, unapoketi kwenye kiti, sikiliza mlio kabla mashine haijakugusa. Ikikuvuta mara ya kwanza, mwambie kinyozi asimame, achomoe plagi na atazame visu. Asikubali kukandamiza, wala wewe usikubali kukandamizwa.