Jedwali la Kwanza Si Mtihani wa Kura

Mwaka 2010 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya AQUAMAT, jaribio lililolinganisha sindano za artesuneti na za kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Katika kundi la artesuneti walifariki asilimia 8.5, katika kundi la kwinini, asilimia 10.9. Daktari wa wilaya anayesoma namba hizo hujiuliza kwanza: je, watoto hao walifanana na hawa waliolazwa wodini kwangu? Jibu hulitafuta katika jedwali la kwanza la makala, lile linaloeleza washiriki walikuwa watu gani kabla ya kupewa dawa.

Jedwali hilo huwa na safu moja kwa kila kundi. Katika malaria kali, mistari inayostahili kuwamo ni ile inayobashiri nani yuko hatarini: umri, kupoteza fahamu, kupumua kwa shida, degedege, kiwango cha damu, wingi wa asidi mwilini. Kipimo kilichochukuliwa baada ya matibabu kuanza hakina nafasi hapo, kwa sababu huenda dawa yenyewe imekwisha kukibadili. Umri ukitajwa kwa wastani, uandikwe pamoja na mchepuko sanifu, unaoonyesha jinsi watoto wanavyotofautiana. Idadi ya vimelea hutawanyika mno, na watoto wachache wenye vimelea vingi kupita kiasi huuvuta wastani juu. Kwa hiyo itajwe thamani ya katikati pamoja na mipaka ya ile nusu ya watoto walio karibu nayo. Na kama watoto kadhaa hawakupimwa damu, jedwali liseme ni wangapi.

Waandishi wengi huongeza safu ya mwisho, ya thamani ya p, wakitaka kuthibitisha kwamba makundi yalilingana. Safu hiyo haifai. Kipimo cha p huuliza kama tofauti iliyoonekana ingeweza kutokea kwa bahati tu. Lakini hapa watoto waligawanywa kwa kura. Kama kura ilipigwa sawasawa, tofauti yoyote kati ya makundi ni ya bahati. Jibu lilijulikana kabla ya kuuliza. Ukipima mistari 20 isiyotegemeana kwa kizingiti cha 0.05, utegemee kwa wastani mstari mmoja uonekane "una tofauti", hata kama kura haina kasoro.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye watoto 200 kila upande. Katika kundi la dawa mpya, 60 walifika wamepoteza fahamu. Katika kundi la dawa ya zamani, 44. Thamani ya p ni takriban 0.07, na mwandishi anaandika kwamba makundi hayakutofautiana. Mstari mwingine unaonyesha wavulana 116 upande mmoja na 95 upande wa pili. P ni takriban 0.04, na hapo anaingiwa na wasiwasi. Amegeuza mambo. Kupoteza fahamu ni miongoni mwa dalili zinazobashiri kifo kwa nguvu zaidi katika malaria kali. Watoto 16 wa ziada wa namna hiyo wanaweza kuifanya dawa nzuri ionekane dhaifu. Jinsia ya mtoto haina uzito wa namna hiyo. Kinachoamua ni ukubwa wa tofauti na jinsi sifa hiyo inavyogusa matokeo, na p haisemi lolote kuhusu hilo la pili.

Tiba yake huandaliwa mapema. Kabla ya kuona data, watafiti huandika katika mpango wa uchambuzi kwamba watazingatia, tuseme, umri na kupoteza fahamu wanapolinganisha vifo. Wakingoja thamani za p ndipo wachague, bahati ndiyo itakayowachagulia. Mwongozo wa CONSORT, unaofuatwa na majarida mengi ya tiba, unataka jedwali hili liwepo na unashauri vipimo hivyo viachwe.

Kuna hali moja ambapo kuyapima makundi kuna maana: pale inaposhukiwa kwamba kura haikupigwa kama ilivyodaiwa. Mwaka 2017 daktari wa usingizi John Carlisle alichunguza namba za mwanzo za majaribio 5,087 kwa nia hiyo. PREDIMED, jaribio la lishe la Hispania, liliguswa na uchunguzi huo. Ilibainika kwamba baadhi ya washiriki hawakupangwa kwa kura mmoja mmoja, na mwaka 2018 makala yake ikaondolewa na kuchapishwa upya. Huo ulikuwa ukaguzi wa utaratibu wa utafiti, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na safu moja ya p.

Basi ukikutana na safu hiyo, iruke. Tafuta mistari ya sifa zinazoweza kuua au kuokoa, linganisha namba zake pande zote mbili, kisha uangalie kama uchambuzi wa vifo ulizizingatia.