Makofi Yasiyokutana

Siku hizi anayetaka kumwendesha mhusika wa katuni kwa mwendo wa mtu halisi hahitaji suti ya vitambuzi wala ukumbi uliozungushiwa kamera. Simu iliyosimamishwa imara, mwigizaji mmoja na kompyuta yenye programu za bure vinatosha. Programu inaitazama video, inakisia viungo vya mwili viko wapi katika kila picha, kisha mhusika anapewa mikao hiyo hiyo. Mara ya kwanza inasisimua. Ukitazama vizuri unaona mhusika anatetemeka kama mwenye homa: mikono haitulii, magoti yanarukaruka, nyayo zinateleza sakafuni. Wengi hukimbilia dawa moja, wakalainisha mwendo wote kwa nguvu ile ile mpaka mtetemo ukaisha. Unaisha kweli, lakini na uigizaji unaondoka nao.

Tuchukue kipande kifupi. Babu msimulizi wa hadithi amesimama, anakunja mikono kifuani, anachuchumaa kuonyesha sungura alivyojificha, kisha anainuka na kupiga kofi moja la nguvu. Ni sekunde 10. Simu inarekodi picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo tuna picha 300. Programu ya kunasa mwendo ni MediaPipe ya Google, ambayo mfumo wake wa kusoma mwili, uliotoka mwaka 2020, hutia alama 33 kwenye mwili wa mtu: pua, mabega, viwiko, nyonga, magoti na kuendelea hadi vidole vya miguu. Mhusika mwenyewe tumemjenga kwenye Blender.

Mtetemo una vyanzo vyake, na baadhi huzuilika kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi. Programu haioni mifupa, inaona rangi na vivuli. Hata mwigizaji akisimama kimya, makisio ya kiwiko chake katika picha moja hayalingani kabisa na ya picha inayofuata. Tofauti huwa kubwa zaidi katika umbali, yaani mkono ukisogea kuelekea kamera au kurudi nyuma, kwa sababu kamera moja haipimi kina, inakikadiria tu. Mwanga ukiwa hafifu simu hukusanya nuru kwa muda mrefu zaidi kwa kila picha, na mkono unaokwenda kasi unageuka ukungu. Programu haina tena pa kuushika. Uani mchana, kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, panashinda chumba chenye taa moja ya dari.

Mavazi nayo yana neno. Babu wetu kwenye katuni anavaa kanzu, na mwigizaji anaweza kutamani kuvaa kanzu ili aingie vizuri katika nafsi ya mzee. Asivae. Kanzu inaficha magoti, na goti lisiloonekana ni goti la kubahatisha. Avae suruali na shati vinavyoshika mwili, vyenye rangi tofauti na ukuta wa nyuma. Kanzu atavalishwa mhusika ndani ya kompyuta.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Simu nyingi hazirekodi picha 30 kamili kila sekunde; mwendo wake hupanda na kushuka kidogo. Usipolisawazisha hilo mapema, sauti na mwendo vitaachana polepole. Amri moja inatosha:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -vf fps=30 -c:a copy sawa.mp4
```

Sasa tuingie kwenye usafi wenyewe. Kila kiungo hutoa mstari unaopanda na kushuka kadiri muda unavyokwenda, na mistari hiyo ndiyo tunayoisafisha. Babu anapokunja mikono kifuani, programu inachanganya kifundo cha mkono wa kulia na cha kushoto kwa picha moja, kisha inajirekebisha. Kwenye mstari unaona mwiba. Tuseme urefu wa kifundo hicho kutoka sakafuni, kwa sentimita, unasomeka 101, 100, 131, 100, 101. Hakuna mkono wa binadamu unaopanda sentimita 31 na kushuka zote ndani ya picha mbili, kwa hiyo hilo ni kosa, si uigizaji.

Ukichukua wastani wa namba hizo tano unapata 106.6. Mwiba haukuondoka, umesambazwa tu: picha tano jirani zote zimeinuliwa sentimita sita hivi, na sasa babu ana mshtuko mlaini wa bega ambao hakuna aliyeuigiza. Njia nzuri ni kuzipanga namba hizo kuanzia ndogo hadi kubwa na kuchukua ya katikati: 100, 100, 101, 101, 131. Ya katikati ni 101, na 131 imetupwa nje moja kwa moja. Ukipitisha dirisha hilo la picha tano kwenye mstari mzima, miiba ya picha moja au mbili inaondoka na mengine yanabaki karibu yalivyokuwa. Ndiyo maana hatua hii hutangulia ulainishaji wowote. Mkanganyiko ukidumu picha kumi, dirisha hilo haliwezi kitu. Hapo unafuta kipande kizima na kuunganisha kabla na baada kwa mkono, huku ukiitazama video.

Babu anapochuchumaa ndipo wengi wanapodhani programu imeharibika. MediaPipe ikitoa vipimo kwa mita, sifuri yake huwa katikati ya nyonga mbili za mwigizaji. Sifuri haishuki. Mwigizaji akikaa chini, nyonga za mhusika zinabaki pale pale hewani na miguu ndiyo inayopanda kuzifuata, mzee ananing'inia kana kwamba amefungwa kamba kiunoni. Akiwa amesimama, nyonga zilikuwa sentimita 90 juu ya kifundo cha mguu. Amechuchumaa, zimebaki 35. Ile tofauti ya 55 ndiyo tunayopaswa kumshusha. Kanuni yake ni nyepesi: katika kila picha tafuta mguu uliokanyaga, kisha usogeze mwili wote mpaka mguu huo uguse sakafu.

Lakini angalia matokeo yake. Ukishautegemeza mwili wote kwenye mguu mmoja, mtetemo wa mguu huo unakuwa mtetemo wa mwili wote. Kifundo kikicheza sentimita mbili, kichwa nacho kinacheza sentimita mbili. Nimeona watu wakihangaika kusafisha shingo na mabega kwa siku nzima ilhali ugonjwa uko kwenye unyayo. Kwa hiyo mguu husafishwa kwanza, na husafishwa kwa ukali kuliko kiungo kingine chochote, kwa sababu mguu uliokanyaga chini una sifa ambayo mkono hauna: hausogei kabisa. Tafuta mfululizo wa picha ambazo kifundo kiko chini na kasi yake ni ndogo, chukua mahali pake pa wastani katika kipindi hicho, na uupigilie mguu hapo. Kwenye Blender kazi hiyo hufanywa na kifungo kinachoitwa Inverse Kinematics: wewe unaweka unyayo, goti na paja vinajipanga vyenyewe. Pa kuwa mwangalifu ni pale mguu unapoanza kuinuka. Uachie taratibu kwa picha tatu au nne, la sivyo goti litafyatuka.

Kutoka hapo hatuchukui tena mahali pa viungo, tunachukua pembe zake, kwa kuwa mkono wa mwigizaji si urefu wa mkono wa katuni. Pia programu hupima mfupa ule ule mrefu kidogo katika picha hii na mfupi katika ile. Pembe ya kiwiko inakwepa tatizo hilo.

Sasa mtetemo mdogo wa kawaida uliobaki mikononi, kichwani na kiwiliwili. Hapa ulainishaji una nafasi yake, ila nguvu yake ifuate tendo. Babu akiwa amesimama anasikiliza, lainisha sana, lakini usifike sifuri. Mtu aliye hai hupumua, huyumba kidogo, uzito wake huhama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Mwendo huo ni wa polepole, huchukua sekunde kadhaa, ilhali mtetemo wa programu hubadilika picha hadi picha. Kwa kuwa kasi zake zinatofautiana hivyo, kichujio kinaweza kuondoa huu na kuacha ule. Ukimwona mzee ameganda kama mti, umepita kiasi.

Kofi ndilo linaloonyesha hatari upande wa pili. Umbali kati ya viganja vya mwigizaji, picha kwa picha, ulikuwa sentimita 40, 25, 10, 0, 10, 25, 40. Lainisha kwa wastani wa picha tano na pale palipokuwa na sifuri patasomeka 14. Babu anapiga kofi na viganja vinasimama sentimita 14 mbali. Hata wastani wa picha tatu unaacha karibu sentimita 7. Ulainishaji hukata vilele, na katika uigizaji kilele ndicho tendo lenyewe: kofi, teke, jicho linalogeuka ghafla.

Wanaoendesha mhusika papo hapo, mwigizaji akiwa bado mbele ya simu, hawana nafasi ya kurudi nyuma na kurekebisha kwa mkono. Wao hutumia kichujio walichokitoa Casiez, Roussel na Vogel mwaka 2012, kinachojulikana kama One Euro, ambacho hujipimia chenyewe: kiungo kikitulia kinachuja kwa nguvu, kikikimbia kinalegeza. Kina vipimo viwili tu vya kurekebisha. Unaanza `beta` ikiwa sifuri na kushusha `mincutoff` mpaka mkono uliotulia uache kutetemeka, kisha unapandisha `beta` mpaka mkono unaokwenda kasi uache kuchelewa.

Sisi tuna video tayari, kwa hiyo tunaweza kufanya vizuri zaidi. Lainisha kabla ya kofi na baada yake, na zile picha saba usiziguse. Wakati kamili wa kofi usiutafute kwenye picha, maana viganja huwa ni ukungu hapo. Utafute kwenye sauti. Mchoro wa sauti huruka ghafla kofi linapolia, na kama mwigizaji alisimama mita 3 kutoka kwenye simu, sauti ilichelewa takriban milisekunde 9 tu, wakati picha moja inachukua 33. Kwa babu wetu sauti iliruka sekunde ya 8.03, ambayo ni picha ya 241 ukianza kuhesabu kutoka sifuri. Viganja vyake ni vinene kuliko vya mwigizaji, hivyo pembe zilizonaswa zingevipitisha kimoja ndani ya kingine. Katika picha ya 241 unavisogeza kwa mkono mpaka ngozi iguse ngozi, na za 240 na 242 unaziacha zije na kuondoka kwa kasi ile ile aliyopiga nayo.