Ukurasa wa 47, aya ya pili

Mwanafunzi akishatetea tasnifu, watahini humpa orodha ya masahihisho. Hurudisha tasnifu iliyorekebishwa pamoja na jedwali: hoja ya mtahini, kilichobadilishwa na mahali kilipo. Anayehakiki hana muda wa kusoma kurasa 200 upya. Hulishika jedwali na kufungua kurasa zilizotajwa.

Tuseme mtahini ameandika: “Haielezwi walimu 60 walipatikanaje.” Wengi hujibu, “Imerekebishwa.” Jibu hilo humlazimisha mhakiki atafute mwenyewe, na asipoona kitu huirudisha kazi. Jibu linalotosha ni hili: “Nimeongeza maelezo kwamba walimu 60 walichaguliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha ya walimu 240 wa shule 8. Sehemu ya 3.4, uk. 47, aya ya 2.” Maneno ya mtahini yanakiliwa yalivyo, bila kulainishwa. Akiwa amebana hoja mbili katika sentensi moja, zitenganishwe kila moja na safu mlalo yake, maana hoja ya pili ndiyo husahaulika.

Kuna hoja usiyoweza kuitimiza, kama kuongeza wilaya nyingine wakati ukusanyaji wa data umekwisha. Usiiruke. Eleza sababu, kubaliana na msimamizi wako, kisha uandike upungufu huo ndani ya tasnifu na utaje ukurasa.

Namba za kurasa zijazwe mwisho kabisa. Aya moja ikiongezwa sura ya pili, ukurasa wa 47 huwa wa 48, na jedwali zima linapotosha.